Lipi Litangulie Kwenye Wasifu wa Mwanajopo

Siku ya kongamano mwendesha mjadala huwa ameshika karatasi. Humo mna wasifu wa wanajopo watatu au wanne, kila mmoja na aya yake, na mara nyingi ndiyo kwanza anazisoma kwa makini. Husoma sentensi ya kwanza, akasoma ya pili, macho yakapita juu juu kwenye zilizobaki, kisha ukumbi unatulia naye anauliza. Swali lake la kwanza hutoka kwenye ile sentensi ya kwanza. Mwanajopo aliyetajwa kwanza kuwa mhadhiri wa chuo kikuu ataulizwa utafiti unasemaje. Mtu huyohuyo, angetajwa kwanza kuwa mkulima wa kahawa, angeulizwa bei ya msimu huu imewaachia nini wakulima. Wasikilizaji nao hufanya vivyo hivyo. Vile walivyotambulishiwa mtu ndivyo watakavyomsikiliza hadi kikao kiishe.

Kwa hiyo wasifu mfupi wa mwanajopo si historia ya maisha yake. Ni jibu la swali moja alilo nalo kila aliyeketi ukumbini: kwa nini huyu, kwenye mada hii? Mada ikibadilika, jibu nalo hubadilika, ingawa maisha ya mtu ni yaleyale. Njia ya kulibadilisha jibu hilo bila kumzulia mtu sifa asizokuwa nazo ni kuchagua upya lipi litangulie.

Wengi wetu tuna wasifu mmoja tu. Uliandikwa zamani kwa ajili ya shughuli fulani, na tangu hapo unatumwa kila mahali, kwenye barua pepe na kwenye WhatsApp, kama ulivyo. Kwa kawaida umepangwa kwa njia mojawapo kati ya mbili. Kuna unaofuata kalenda: alikozaliwa, alikosoma, kazi ya kwanza, ya pili, mpaka leo. Huu humfikisha msomaji kwenye jambo analolihitaji akiwa ameshaacha kusoma. Na kuna unaoanza na cheo au tuzo kubwa kuliko vyote. Huu unapendwa sana, na kwa maoni yangu ndio wenye madhara zaidi, kwa sababu sifa kubwa ikikaa mbele humeza mada. Jopo linageuka kuwa mahojiano kuhusu tuzo.

Ili jambo hili lionekane, tuchukue mtu ambaye habari zake zinajulikana na yeyote anaweza kuzihakiki: Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyefariki mwaka 2011. Tujiweke mwanzoni mwa mwaka 2005, miezi michache baada ya kutunukiwa Nobel. Tuseme amealikwa kwenye mabaraza manne yenye mada tofauti, na sisi ndio tunaomwandikia wasifu. Mabaraza hayo ni ya zoezi hili, na maneno ya wasifu ni yangu. Matukio na miaka ni ya maisha yake kweli.

Kazi haianzi na wasifu wowote kati ya hiyo minne. Inaanza na orodha kuu, ambayo haitumwi kwa mtu. Ni ukurasa mmoja au miwili wenye kila jambo la maana alilolifanya mtu, kila moja likiwa na mwaka wake, cheo chake kamili na mahali pake. Kwa Profesa Maathai orodha hiyo ingekuwa na shahada ya kwanza ya biolojia aliyoipata Kansas, Marekani, mwaka 1964, ya pili ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1966, na ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Ingetaja kwamba alifundisha anatomia ya mifugo, akawa mkuu wa idara mwaka 1976 na profesa mshiriki mwaka 1977. Ingetaja kuanzishwa kwa Green Belt Movement mwaka 1977, na uenyekiti wake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya kati ya 1981 na 1987. Ingekuwa na mapambano ya Uhuru Park ya mwaka 1989, mgomo wa kula wa akina mama wa wafungwa wa kisiasa mwaka 1992, na Msitu wa Karura mwishoni mwa miaka ya 1990. Kisha ubunge wa Tetu kuanzia Desemba 2002, uwaziri msaidizi wa mazingira na maliasili kuanzia 2003, na Nobel ya Amani ya mwaka 2004.

Jambo moja la kiufundi hapa huokoa muda mwingi baadaye. Kila jambo kwenye orodha kuu liandikwe kwa sentensi inayoweza kusimama peke yake. Pasiwe na "baadaye", pasiwe na "huko", pasiwe na "shirika hilo" wala "pia", kwa sababu maneno hayo hushikilia sentensi iliyotangulia, na sisi tunakusudia kuzihamisha sentensi. Ukiandika "Huko ndiko alikoanza kufundisha" kisha ukaipeleka sentensi hiyo mwanzoni, "huko" inabaki haina kwao. Nimesoma vitabu vya programu vilivyochapishwa kwa gharama kubwa ambamo wasifu wa mtu mzito unaanza na "Vilevile". Ukikuta hivyo, ujue aya imehamishwa na hakuna aliyeisoma tena.

Sasa baraza la kwanza. Mada ni misitu na maisha ya watu wa vijijini, na ukumbini kuna maofisa misitu, wafadhili na vikundi vya wakulima. Kwa kitabu cha programu maneno 70 hadi 100 yanatosha.

"Profesa Wangari Maathai ndiye mwanzilishi wa Green Belt Movement, shirika ambalo tangu mwaka 1977 limewawezesha wanawake wa vijijini nchini Kenya kuotesha miche na kupanda zaidi ya miti milioni 30. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa mstari wa mbele kupinga kugawiwa kwa ardhi ya Msitu wa Karura, Nairobi. Kwa sasa ni mbunge wa Tetu na Waziri Msaidizi wa Mazingira na Maliasili. Kitaaluma ni mwanabiolojia mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 2004 alitunukiwa Nobel ya Amani."

Miti imetangulia na Nobel imekuja mwisho. Anayesoma mistari miwili tu ameshapata jibu la kwa nini mama huyu yuko kwenye jopo la misitu. Shahada imetajwa kwa sentensi moja fupi kwa sababu maofisa misitu watataka kujua kama ana msingi wa sayansi, lakini hawahitaji kujua alisoma Kansas au Pittsburgh. Uenyekiti wa baraza la wanawake umeachwa kabisa. Ni sehemu kubwa ya maisha yake, na inaumiza kuiacha, lakini mada hii haiiulizi.

Baraza la pili linazungumzia wanawake katika sayansi, nalo limeandaliwa na chuo kikuu. Wengi ukumbini ni wanafunzi wa kike wa mwaka wa pili na wa tatu. Hapa kilichokuwa sentensi moja fupi kinakuwa kichwa cha habari.

"Profesa Wangari Maathai ni mwanabiolojia ambaye mwaka 1971 alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu. Alifundisha anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, akawa mkuu wa idara mwaka 1976 na profesa mshiriki mwaka 1977, mwanamke wa kwanza katika kanda kushika nafasi hizo. Alipokuwa akikusanya kupe vijijini kwa utafiti wa ndigana kali, aliona mito iliyojaa tope na ng'ombe waliokonda. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, ambayo imewezesha kupandwa kwa zaidi ya miti milioni 30. Kwa sasa ni mbunge na Waziri Msaidizi wa Mazingira na Maliasili, na mwaka 2004 alitunukiwa Nobel ya Amani."

Tazama ile sentensi ya kupe na ndigana. Haikuwemo kwenye wasifu wa misitu, nayo si cheo wala tuzo. Nimeiweka kwa sababu ukianza na anatomia ya mifugo na kumalizia na Nobel ya Amani, msomaji atabaki akijiuliza mtu alitokaje huku akafika kule. Kila unapopandisha jambo la zamani juu, unaacha pengo kati yake na mtu anavyofahamika leo, na pengo hilo huzibwa kwa sentensi moja ya daraja. Daraja zuri ni tukio dogo la kweli linalogusa pande zote mbili. Mwanasayansi aliyekwenda kutafuta kupe akarudi na habari ya mito na mmomonyoko wa udongo ni daraja ambalo hata mwendesha mjadala mvivu ataligeuza kuwa swali zuri: uliona nini siku zile kule vijijini? Wanafunzi wale watasikia jinsi utafiti wa uwandani unavyomfungua mtu macho, na hilo ndilo lililowatoa mabwenini.

Daraja halibuniwi. Likikosekana kwenye maisha ya mwanajopo, mpigie simu umuulize. Watu wengi wanalo, ila hawajawahi kuliona kama kitu cha kuandikwa.

Baraza la tatu ndilo gumu, na nitakaa hapo kidogo. Barua ya mwaliko inasema mada ni utawala bora. Mtu anaweza kudhani kazi imekwisha: ni mbunge, ni waziri msaidizi, tangulisha ubunge. Lakini "utawala bora" ni jina pana mno. Ukiomba ratiba yenyewe huenda ukakuta kikao chake kinauliza namna wananchi wanavyoweza kulinda ardhi ya umma isinyakuliwe. Swali hilo ni jingine kabisa. Mwanzoni mwa 2005 Profesa Maathai amekuwa bungeni kwa miaka miwili na kidogo, ilhali amepigania ardhi ya umma tangu 1989. Kuanza na ubunge ni kuweka mbele ushahidi wake mfupi na kuuficha ule mrefu.

"Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai aliongoza upinzani dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililopangwa kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi; halikujengwa. Mwaka 1992 aliungana na akina mama waliogoma kula kwenye bustani hiyo wakidai wana wao, waliofungwa kwa sababu za kisiasa, waachiliwe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa mstari wa mbele kupinga kugawiwa kwa ardhi ya Msitu wa Karura. Tangu Desemba 2002 ni mbunge wa Tetu, na sasa ni Waziri Msaidizi wa Mazingira na Maliasili. Ni mwanzilishi wa Green Belt Movement na mshindi wa Nobel ya Amani ya mwaka 2004."

Wasifu huu unaanza na mwaka na tukio, si na "ni". Mtu anatambulishwa kwa alichokifanya na matokeo yake, na lile neno moja, "halikujengwa", lina uzito kuliko sifa tatu za aina ya "mwanaharakati shupavu". Kama kikao kingekuwa kinauliza namna wabunge wanavyopitisha sheria za ardhi, ningegeuza mpangilio: ubunge mbele, uwaziri msaidizi baada yake, na Uhuru Park kama asili ya msimamo wake. Mada kwenye bango ingekuwa ileile na mtu yuleyule, lakini wasifu mwingine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba asiandikwe mwanajopo kabla mwandaaji hajatoa angalau maswali mawili yatakayoulizwa. Jina la kongamano halitoshi.

Na kuna jambo jingine la kuuliza: nani wengine wako kwenye jopo? Kama wawili kati ya wenzake ni wabunge na wa tatu ni katibu wa wizara, ubunge hautamtofautisha na yeyote. Karura itamtofautisha.

Baraza la nne ni la amani na migogoro ya rasilimali. Hapa, na hapa tu, Nobel inastahili kutangulia, kwa sababu ni tuzo ya amani na yenyewe ndiyo mada. Hata hivyo isisimame peke yake. Kamati ya Nobel ilimtunuku kwa mchango wake katika maendeleo endelevu, demokrasia na amani, na ukiitazama sababu hiyo utaona ina mambo matatu yanayokaribiana sana na mabaraza yetu. Kwa hiyo sentensi ya kwanza itaje tuzo pamoja na sababu yake: "Profesa Wangari Maathai ni mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kutunukiwa Nobel ya Amani, aliyoipata mwaka 2004 kwa mchango wake katika maendeleo endelevu, demokrasia na amani." Kisha miti, kisha Uhuru Park, kisha cheo cha sasa. Mwendesha mjadala anayepewa "mshindi wa Nobel" peke yake atauliza alijisikiaje alipopigiwa simu. Akipewa na sababu, atauliza miti inahusianaje na vita, na hapo mjadala umeanza.

Hayo yote ni ya wasifu unaochapishwa. Unaosomwa kwa sauti una tofauti moja. Kwenye karatasi macho hukaa juu, lakini masikio hukumbuka na la mwisho pia. Kwa hiyo katika utambulisho wa mdomo sentensi ya kwanza bado hueleza kwa nini yupo, ila ile sifa itakayoleta makofi iwekwe mwisho kabisa, ikifuatiwa na jina, ili makofi yamkute mgeni akisimama. Ukiisema katikati, watu watapiga makofi, msherehekeshaji atanyamaza, na akirudi kwenye karatasi yake hakuna atakayesikia yaliyobaki. Na ufupishwe: kwa sauti maneno 40 hadi 50 yanatosha.

Sasa tuangalie namna kuhamisha sentensi kunavyoharibu ukweli bila mtu kukusudia. Sentensi inapopelekwa mwanzoni hufupishwa, kwa kuwa mwanzo unataka wepesi, na kinachokatwa kwanza ni yale maneno madogo yanayoweka mipaka. "Mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kupata Nobel ya Amani" hugeuka "mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kupata Nobel". Maneno mawili tu yamedondoka, na sentensi imekuwa ya uongo, kwa sababu Nadine Gordimer wa Afrika Kusini alipata Nobel ya Fasihi mwaka 1991. "Wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati" ikikatwa ikawa "wa kwanza barani" ni dai jingine ambalo orodha yako haina ushahidi wake. "Waziri Msaidizi" huwa "Waziri". Na ule mfano ninaouona mara nyingi kwa mashirika ya kila aina: "shirika aliloanzisha limewawezesha wanawake kupanda miti milioni 30" inakuwa "amepanda miti milioni 30". Hapo wanawake wote waliochota maji, wakaotesha mbegu na kuchimba mashimo wamefutwa kwa kubadilisha kitenzi kimoja, na ukumbini huenda mmoja wao ameketi.

Kinga yake ni kulinganisha. Ukishamaliza, weka wasifu wote minne mezani pamoja na orodha kuu. Pitia kila mwaka, kila cheo, kila "wa kwanza", na kila idadi, uhakikishe vinasema jambo moja kote. Kisha jiulize kama msomaji mmoja angekutana na zote nne angejiona amedanganywa. Akiona mtu mmoja mwenye pande nyingi, kazi iko sawa. Akiona watu wanne tofauti, umevuka mpaka.

Mpaka wenyewe, kwangu, uko mahali pamoja hasa. Kupanga upya kunaruhusiwa, kuacha mengine kunaruhusiwa, lakini yapo mambo ambayo hayaachwi wala hayafichwi hata kama hayapendezi mada. La kwanza ni mahali mtu anapofanya kazi sasa, hasa kama kazi hiyo inagusa kinachojadiliwa. Kwenye jopo la misitu ingevutia kumleta Profesa Maathai kama mama wa miti tu, mtu huru aliyetoka shambani. Lakini mwanzoni mwa 2005 yeye ni sehemu ya serikali, tena kwenye wizara inayosimamia misitu. Akisema sera fulani ni nzuri, msikilizaji ana haki ya kujua anasema akiwa wapi. Ndiyo maana katika wasifu wote nilioandika cheo cha sasa kimo, hata pale ambapo hakiongozi. Ni vivyo hivyo kwa daktari anayelipwa na kampuni ya dawa, kwa mchumi aliye kwenye bodi ya benki, kwa mtafiti ambaye utafiti wake umefadhiliwa na mwenye kiwanda. Watangulize kwa lolote linalofaa mada, lakini hilo lisemwe, na lisemwe kabla aya haijafika mwisho ambako watu hawafiki.

Msomaji atasema: huyo ni Wangari Maathai, ana mengi ya kuchagua; mimi je? Njia ni ileile, na pengine ina faida zaidi kwa asiye na tuzo. Tumchukue muuguzi mkunga ambaye amekaa miaka mingi kwenye wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, akawa mkufunzi kwenye chuo cha uuguzi, na sasa ni mratibu wa chanjo wa wilaya. Wasifu wake wa siku zote unaanza na cheo cha sasa, kwa hiyo hata akialikwa kuzungumzia vifo vya wajawazito ataulizwa habari za chanjo.

Kwa jopo la uzazi salama aanze hivi: "Amekuwa mkunga kwenye wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, ambako alipokea wajawazito waliochelewa kufika kutoka vijijini." Mratibu wa chanjo ije sentensi ya pili. Kwa jopo la mafunzo ya watumishi wa afya ukufunzi utangulie, na wodi iwe daraja: anafundisha alichokifanya kwa mikono yake. Kwa jopo la usambazaji wa chanjo cheo cha sasa kirudi mbele, lakini si cheo kitupu. Kiandikwe pamoja na kazi yenyewe: anasimamia majokofu ya vituo vyote vya afya vya wilaya, ambamo chanjo lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, umeme uwepo usiwepo. Swali litakalotoka hapo linajulikana hata kabla halijaulizwa, naye ana majibu yake.

Ipo pia hali ambapo hakuna lolote kwenye orodha linalofaa kutangulia. Umeisoma mara ya pili na ya tatu, na kila sentensi unayoipandisha inabidi uivute kidogo ili ifike kwenye mada. Dalili yake ni kwamba unaanza kutumia maneno kama "mdau", "mwenye shauku na", "mwenye uzoefu mpana katika masuala ya". Maneno hayo huja pale ambapo tendo halipo. Hapo tatizo si la wasifu. Mwombe mwandaaji abadilishe kikao, au umpendekezee mtu mwingine. Mwanajopo aliyepewa sentensi ya kwanza isiyo yake ataulizwa swali lisilo lake mbele za watu, na wewe uliyeiandika hutakuwepo kumsaidia.

Kabla ya kutuma, fanya jaribio dogo. Mpe mtu ambaye hajui mada sentensi ya kwanza peke yake, umwombe akisie kongamano linahusu nini na angemuuliza mzungumzaji nini. Akikisia karibu, tuma. Akisema "labda ni sherehe ya kumpongeza," ujue bado tuzo iko mbele.

Mwisho, wasifu wenye sura nne una gharama ambayo wenye sura moja hawaijui. Jambo moja likibadilika, zote nne zinabadilika. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Profesa Maathai hakuwa tena mbunge, na siku hiyohiyo kila wasifu tuliouandika hapa ungekuwa na kosa. Kwa hiyo kila faili iwe na tarehe kwenye jina lake, masahihisho yafanywe kwanza kwenye orodha kuu ndipo yashuke kwenye nakala, na waandaaji waliotumiwa nakala ya zamani waandikiwe upya. Kama kitabu cha programu kimeshachapishwa, mwendesha mjadala apewe kikaratasi chenye sentensi iliyosahihishwa kabla hajapanda jukwaani.